Kuosha mchele mara saba hakutoi aseniki

Juzi tena, kliniki ya watoto hapa Nzega, mama mmoja kaniambia: "Dada, mimi mchele naosha mara saba mpaka maji yanatakata, sumu yote inatoka." Haitoki! Ule weupe unaoumwaga ni vumbi la wanga kutoka mashine ya kukobolea. Aseniki, sumu iliyomo kwenye udongo, haina rangi, wala haikai juu ya punje. Jaruba likijaa maji, udongo hukosa hewa, kutu ya chuma iliyokuwa imeishika aseniki huyeyuka, na mizizi huivuta kwa njia ileile inayovutia silika, madini ya mchanga. Inaishia ndani ya punje, zaidi kwenye pumba, ndiyo maana mchele usiokobolewa huwa nayo nyingi kuliko mweupe.

Tupige hesabu. Tuseme mchele wako una kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kwa mchele mweupe, mikrogramu 200 kwa kilo. Ukila gramu 200 kwa siku, umekula mikrogramu 40. Maji yaliyo kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani, 10 kwa lita, ukinywa lita mbili yanakupa 20. Kuosha mchele hupunguza kama sehemu moja ya kumi ya zile 40, kwa hiyo unabaki na 36. Mimi naosha mara mbili, kwa ajili ya vumbi tu.

Kinachofanya kazi ni kumwaga maji ya kuchemshia. Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walilipima hili mwaka 2020: kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe vinne vya maji yanayochemka, dakika tano, chuja. Kisha weka vikombe viwili vya maji mapya, upike kwa moto mdogo na kupalia kama kawaida. Mchele mweupe ulipoteza asilimia 73; zile 40 zinabaki kama 11. Chumvi na mafuta subiri maji ya pili. Kabla ya kuchuja, ng'ata punje: kiini kiwe bado kigumu. Kikishalainika umechelewa, utapata bokoboko.

Ila kama kisima chenyewe kina aseniki, mchele utainywa, na faida inapotea.

Kwa anayebeba ndoo kutoka mbali na kununua mkaa kwa kopo, nasita kumwambia afanye hivi kila siku. Familia ya watu wazima inayokula wali mlo mmoja na ugali mlo mwingine siisukumi, maana vitamini B1 nayo humwagika. Kwa mtoto sisiti. Wa yule mama ana miezi kumi, anakunywa uji wa mchele asubuhi, mchana na jioni, na mwili wake ni mdogo. Tukakubaliana: asubuhi uji wa ulezi, mchana ugali laini na maharage yaliyopondwa, jioni wali uliochujwa.

Akauliza kama yale maji ya kwanza anaweza kupikia mboga. Hapana, mama. Aseniki iliyotoka imo humo.