Kwa nini "salt" hukataa "a" lakini hupokea "the"?

"Kwenye kujaza nafasi za Kiingereza nikiandika 'a salt' nakosa kila mara. Nikiandika 'the salt' mara napata, mara nakosa. Kwa nini?" Mwanafunzi wa kidato cha pili, Lindi.

Maneno hayo mawili hayafanyi kazi moja. "A" na "an" zimebeba hesabu ndani yake: asili yake ni neno lilelile lililozaa "one". Ndiyo maana haziwezi kukaa mbele ya kitu kisichohesabika. "The" haihesabu chochote. Yenyewe humwambia msomaji kwamba kinachotajwa anakijua tayari. Chumvi huwezi kuihesabu moja, mbili, tatu, lakini kujulikana ni chumvi gani inawezekana.

Wasimuliaji wetu wanafanya jambo hilohilo bila kufundishwa. "Palikuwa na mvuvi mmoja Mikindani. Mvuvi yule alikuwa na mtumbwi." Anapoingia mara ya kwanza ni "mvuvi mmoja", na hapo Kiingereza huweka "a". Akishatambulishwa anakuwa "mvuvi yule", na hapo huwekwa "the".

Tujaze kifungu hiki:

"My aunt sells 1___ salt in Lindi. Yesterday she hired 2___ old lorry to carry 3___ salt to Masasi. 4___ lorry broke down near Nanganga, and it took 5___ hour to find 6___ mechanic."

Nafasi ya 1 huachwa tupu. Chumvi ndiyo kwanza inatajwa, haihesabiki, na shangazi anauza chumvi kwa jumla, si chumvi fulani. Mtihani ukiruhusu, weka kistari. Nafasi ya 2 ni "an": lori linahesabika, ni geni kwetu, na neno linalofuata papo hapo ni "old", linaloanza na sauti ya irabu. Neno "old" likiondolewa, jibu linarudi kuwa "a".

Nafasi ya 3 ndiyo inayowaponza wengi, maana nomino ni ileile ya nafasi ya 1. Lakini sasa chumvi tumeshaisikia: ni ile ya shangazi, kwa hiyo "the". Ukiiacha tupu sentensi bado ni Kiingereza sahihi, ila uhusiano na chumvi ya mwanzo umelegea, na mtunga swali kwa kawaida anautafuta uhusiano huo. Nafasi ya 4 ni "The", lori lilelile. Ya 5 ni "an", kwa kuwa "h" ya "hour" haitamkwi. Kinachoamua ni sauti, si herufi, na kwa sababu hiyohiyo tunasema "a university". Ya 6 ni "a": fundi yeyote, hatujamwona bado.

Usishike kwamba kutajwa mara ya kwanza daima hukataza "the". Tazama maneno yanayoifuata nomino. Katika "The salt in this bag is wet", chumvi haijatajwa kabla, lakini maneno "in this bag" yameshaonyesha ni ipi. Mezani nako mtu husema "Pass me the salt" tangu sentensi ya kwanza, kwa sababu wote wanaona kopo lake lilipo.

Kipimo cha kuongeza "moja" kwa Kiswahili kinasaidia kwenye chumvi, mchele na maji, kisha kinakuangusha. Sisi tunasema mkate mmoja, mzigo mmoja, habari moja, ushauri mmoja. Kiingereza hakihesabu "bread", "luggage", "news" wala "advice". Haya, pamoja na "information", "furniture", "equipment" na "homework", ni ya kukariri tu, sioni njia ya mkato. Na kivumishi kisikudanganye: "good advice" haichukui "a" hata kama "good" inaonekana kuiomba.

Kuna pia nomino zisizohesabika zinazokuja na chombo au kipimo. Katika "She bought ___ bag of salt", nafasi ni ya "bag", si ya "salt", na mfuko unahesabika. Jibu ni "a". Ndivyo ilivyo kwa "a kilo of rice" na "a piece of advice".

Swali likikulazimisha uchague kati ya "a", "an" na "the" pekee, bila kistari, na nomino inayoifuata nafasi ni "information" isiyo na kipimo kama "piece of", mbili za kwanza zimeshajitoa zenyewe. Ukisoma mbele utakuta mtunga swali ameacha alama yake, kama hapa: "___ information you gave me was wrong."