Kamisheni ya mauzo: dhana potofu zinazokula faida, na ukweli wake

Kampuni nyingi zinawalipa watu wa mauzo asilimia fulani ya walichouza, basi. Rahisi kuhesabu, kila mtu anaelewa, na ukiuliza kwa nini mauzo yanapanda lakini akaunti iko palepale unaambiwa matumizi ni makubwa. Mara nyingi shida ni kamisheni yenyewe, na inalindwa na dhana kadhaa ambazo watu wanazirudia bila kupiga hesabu. Twende nazo.

Dhana: Muuzaji akitoa punguzo na yeye anaumia, kwa hiyo atakuwa makini tu

Hii ndo kubwa kuliko zote, na ukiielewa hii zingine zinajieleza zenyewe.

Chukua pampu ya maji inayouzwa 1,000 na kampuni imeinunua kwa 800. Faida ghafi ni 200. Muuzaji anapewa 3% ya mauzo, yaani 30, kampuni inabaki na 170. Sasa kastoma anasema nipunguzie 10%. Muuzaji anakubali, pampu inauzwa 900, kamisheni yake inashuka kutoka 30 mpaka 27. Amepoteza 3 tu. Kampuni je? Faida ghafi imebaki 100, toa 27, imebaki 73. Kutoka 170 mpaka 73! Ni kweli wote wameumia, ila mmoja kakwaruzwa na mwingine kavunjika mguu.

Alafu ongeza idadi uone. Tuseme kwa bei kamili angeuza pampu 3, kwa punguzo anauza 5. Kwa bei kamili anapata 90, kwa punguzo anapata 135. Kipato chake kimepanda kwa nusu nzima, mwezi ukiisha anapongezwa kwenye kikao. Kampuni kwa bei kamili ingebaki na 510, kwa pampu 5 za punguzo imebaki na 365. Ili irudi pale pale kwenye 510 ingebidi auze pampu 7 badala ya 3, na hapo hujahesabu kazi ya ziada ya stoo, usafiri na mafundi.

Muuzaji hajafanya kosa lolote hapo, na nawaomba mabosi walielewe hili kabla hawajaanza kumgombeza mtu. Amefuata hesabu mliyompa nyinyi wenyewe.

Sasa badilisha, mpe 15% ya faida ghafi. Kwa bei kamili anapata 15% ya 200, yaani ile ile 30. Akitoa punguzo la 10% anapata 15% ya 100, yaani 15. Punguzo lile lile lililokuwa linamgharimu 3 sasa linamgharimu 15. Akiuza 5 za punguzo anapata 75, pungufu ya zile 90 za pampu 3 kwa bei kamili, kwa hiyo atafikiria mara mbili. Ili punguzo limlipe lazima auze zaidi ya 6, na kampuni nayo ukiipigia hesabu kwa mfumo huu inabaki na 85 kwa kila pampu ya punguzo, mara 6 ni 510, ambayo ndo ile ile ya pampu 3 za bei kamili. Umeona? Pale punguzo linapoanza kumlipa yeye ndo pale pale linapoanza kuilipa kampuni. Huhitaji tena kumsimamia kila dili, maana hesabu yake na yako imekuwa moja.

Dhana: Basi tuwalipe kwa kuangalia asilimia ya faida, mwenye asilimia kubwa ndo apate bonasi

Hapa watu wanaruka kutoka shimo moja wanaingia jingine. Ukisema bonasi ni kwa anayefikisha wastani wa faida wa 25% ya mauzo, muuzaji ataanza kukwepa dili kubwa. Kuna dili la 1,000 lenye faida 30%, hiyo ni 300. Kuna lingine la 10,000 lenye faida 18%, hiyo ni 1,800. Lile la pili linaleta hela mara sita lakini linamshushia wastani wake, kwa hiyo ataliacha lipotee au alicheleweshe mpaka kipindi kiishe. Mlipe kwa kiasi cha faida alicholeta, hela yenyewe. Asilimia iangalie wewe kwenye ripoti zako, usiifunge kwenye mfuko wake.

Dhana: Ukilipa kwa faida lazima uwaambie wauzaji gharama zako zote, na siri itafika kwa washindani

Hapana, si lazima. Kinachofanyika ni kuweka gharama ya msingi kwa kila bidhaa, namba moja mnayokubaliana kwamba ndo itatumika kwenye kamisheni, na mnaishikilia bila kubadilisha kwa miezi mitatu hivi. Gharama halisi ya pampu ni 800, kwenye orodha ya wauzaji unaandika 820, na asilimia ya kamisheni unaipandisha kidogo ili mtu asipunjwe. Faida nyingine ya hii ni kwamba msambazaji akipandisha bei katikati, au sarafu ikiyumba, muuzaji haadhibiwi kwa jambo ambalo hana mkono nalo.

Ila kuna mtego, na nimeona watu makini kabisa wakiuingia. Bosi anaogopa siri kutoka, anaweka gharama ya msingi juu sana, tuseme 880. Anakuja kastoma mkubwa anataka pampu nyingi kwa 890. Muuzaji akiangalia orodha yake anaona faida ya 10 kwa pampu, anaona dili halina maana, analitupa. Kumbe kampuni ingepata 90 kwa kila pampu. Ukiona wauzaji wanakataa oda kubwa ambazo wewe ungezitaka, usianze kusema ni wavivu, nenda kaangalie pengo kati ya gharama ya msingi na gharama halisi.

Na kuna wanaoenda mbali zaidi, wanataka kulipa kwa faida halisi, ile ya mwisho baada ya kodi ya ofisi, mishahara na kila kitu. Hii inawakatisha watu tamaa tu, muuzaji hana uwezo wa kupunguza kodi ya ofisi. Ishia kwenye faida ghafi, ukatoe tu vile vitu ambavyo yeye ndo anaviahidi kwa kastoma.

Dhana: Nikishadhibiti punguzo nimemaliza

Hapo hapo kwenye kuahidi. Muuzaji akibanwa kwenye bei atahamia kwingine, na wala si kwa ubaya, kazi yake ni kufunga dili. Usafiri bure, ufungaji bure, spea za bure, alafu kubwa lao, mkopo wa miezi mitatu. Kwenye invoisi inaonekana 1,000 safi kabisa, wakati kama hela inakugharimu 2% kwa mwezi, miezi mitatu hiyo imekula 60 kwenye faida yako ya 200. Weka wazi kwamba vitu hivi vinatolewa kwenye faida kabla ya kupiga kamisheni, kwa viwango vilivyoandikwa, ili muuzaji avione akiwa bado anaongea na kastoma. Akivikuta mwisho wa mwezi ni ugomvi.

Na hela isiyoingia si faida. Ukilipa kamisheni yote siku ya invoisi, kuhakikisha kastoma analipa hakutamhusu muuzaji. Njia ninayoikubali ni kulipa sehemu kwenye invoisi na iliyobaki hela ikishaingia, na kwa mzigo uliorudishwa kamisheni yake inafutwa. Kukata baadaye kwenye mshahara hela ambayo mtu ameshalipwa epuka kadiri uwezavyo, sehemu nyingi sheria za kazi zinabana makato ya mshahara, na hata pale inaporuhusiwa inaua uaminifu haraka sana.

Dhana: Wauzaji wazuri watakimbia, maana kipato kitashuka

Kipato cha timu nzima hakitakiwi kushuka, na kama kinashuka watu wana haki ya kulalamika, umetumia mfumo mpya kama kisu cha kupunguza mishahara. Asilimia mpya hupatikana hivi: chukua kamisheni yote uliyolipa miezi 12 iliyopita, igawe kwa faida ghafi yote ya miezi hiyo hiyo. Kama ulilipa 300,000 na faida ghafi ilikuwa 2,000,000, jibu ni 15%. Bajeti ya kamisheni inabaki pale pale.

Kinachobadilika ni nani anapata nini. Wauzaji wawili, kila mmoja kauza 1,000,000, zamani kila mmoja alipata 30,000. Wa kwanza kaleta faida ghafi 260,000, sasa anapata 39,000. Wa pili kaleta 140,000, anapata 21,000. Huyu wa pili ndo wa kukaa naye chini kabla hujatangaza chochote. Pengine anatoa punguzo ovyo, lakini pengine wewe ndo ulimkabidhi wateja wa zamani wenye mikataba ya bei ya chini aliyoikuta, na hapo kumshushia kipato ni dhuluma. Wateja wa namna hiyo watengee asilimia yao au mpe tageti tofauti.

Alafu endesha mifumo miwili pamoja kwa miezi mitatu, kila mtu aone kwenye slipi yake angepata ngapi kwa huu na ngapi kwa ule, na kipindi hicho mlipe ile kubwa. Inagharimu kidogo, ndiyo, lakini makosa ya hesabu yanajitokeza mapema, na watu wenyewe wanaanza kukuletea maswali ya bei ambayo hawakuwahi kuyauliza.

Dhana: Mfumo huu unafaa kila mahali

Haufai. Kama bei ni moja haijadiliwi na bidhaa zote zina faida inayokaribiana, kulipa kwa faida au kwa mauzo matokeo ni yale yale, unajiongezea kazi ya hesabu bure. Na kama unaingia soko jipya na kwa miezi ya mwanzo unataka wateja wengi hata kwa faida ndogo, lipa kwa idadi, ila uweke tarehe ya mwisho kwa maandishi.

Kujua wewe uko upande gani, toa invoisi za miezi sita ziweke kwenye jedwali na uangalie punguzo tu. Kama mapunguzo mengi yamerundikana kwenye kile kiwango cha juu kabisa muuzaji anachoruhusiwa bila kumuuliza meneja, ukawaruhusu 10% na karibu kila invoisi ni 10%, punguzo limeshakuwa bei yako mpya. Angalia pia siku tatu za mwisho wa mwezi, kama mauzo yanaruka pale na mizigo inarudishwa wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata, basi tageti ya idadi ndo inayouza, na kastoma wala hakuwa anahitaji mzigo wote ule.