Mlalamishi akisema "nimesamehe", kwanza namuuliza nani amemleta

Kesi nyingi ndogo zinazofika mezani kwangu zina watu wanaojuana: jirani na jirani, muuza mboga na mteja wake, vijana wa steji moja. Kazi yangu ni kusuluhisha kesi zilizokwisha kufika kortini hapa Kenya. Swali ninaloulizwa sana na wasomaji ni kwa nini mtu aliyepigwa akubali kukaa na aliyempiga badala ya kumwacha afungwe. Nitajibu kwa kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha mambo yanayoweza kuwatambulisha wahusika.

Mama mmoja anauza chapati na maharage kando ya steji ya bodaboda. Kijana wa steji alikula kwa deni wiki nzima. Siku aliyodaiwa mbele ya wenzake, akamtukana, akamsukuma akaanguka na kuteguka mkono, kisha akapiga teke kabati la kioo la chapati likavunjika. Mama akaenda kituoni, akapewa nambari ya OB, daktari akamjazia fomu ya P3. Kijana akashtakiwa kwa kumjeruhi na kuharibu mali kwa makusudi.

Wiki ya pili, ami yake kijana akaja na yule mama kuniona. Ami ndiye aliyeongea. "Hawa ni watu wa mtaa mmoja, tusipelekane kortini. Mama amesamehe." Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamwomba ami atusubiri nje.

Kikao hicho cha faragha ndicho ninachokithamini kuliko kile cha pamoja. Sianzi kwa kuuliza kama amesamehe. Namwomba anisimulie siku ile ilivyokwenda, kisha namuuliza anaogopa nini kesi ikiendelea, na anaogopa nini ikiisha. Aliyekubali kwa hiari husimulia kwa kina, hukasirika tena, na huwa na masharti yake. Aliyesukumwa hukimbilia neno msamaha, hataki kurudia yaliyotokea, na ukimuuliza anataka nini hutazama mlangoni. Kingine ninachochunguza ni pesa: jamaa akitaja kiasi kabla ya mlalamishi mwenyewe kusema lolote, kuna mapatano yaliyokwisha kufanywa bila yeye.

Mama yule alikuwa amesukumwa, ndiyo. Mwenye kiwanja anachouzia ni rafiki wa ami. Lakini tulipoongea taratibu, nikaona naye suluhu anaitaka, ila si ile ya ami. Hesabu yake ilikuwa wazi. Kila kesi inapotajwa anafunga biashara na kulipa nauli, na huenda akaambiwa arudi mwezi ujao. Hakimu akitoza faini, faini inaingia serikalini. Kijana akifungwa, hakuna wa kumlipia kabati. Na akitoka, atarudi kwenye steji ile ile. Alichotaka ni vitu viwili: alipwe, na aombwe radhi pale pale alipotukanwa.

Sheria inaruhusu. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinaitaka mahakama kukuza njia mbadala za kutatua migogoro, upatanisho ukiwemo. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinampa hakimu uwezo wa kupatanisha watu katika shambulio la kawaida au kosa jingine la kibinafsi ambalo si kosa kubwa la jinai na halikuzidishwa uzito, kwa fidia au masharti mengine atakayoyakubali, kisha kesi isimamishwe au ikomeshwe. Kumbuka ni uwezo, si wajibu. Kiongozi wa mashtaka naye ana neno lake, na kesi si mali ya mlalamishi peke yake. Ubakaji na unajisi haviletwi kwangu kabisa: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikumwachia mlalamishi wala familia uamuzi wa kuisimamisha kesi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana, katika kesi ya Mohamed Abdow Mohamed, na hadi leo watu hunitajia kesi hiyo wakidhani kila kitu kinaweza kumalizwa nyumbani. Binafsi siichukulii kama kipimo cha kazi yangu.

Kabla ya kuwakutanisha nilimwona kijana peke yake. Nilitaka kusikia jambo moja: anakiri alichofanya au hakiri? "Kama nilimkosea, naomba radhi" sikuikubali. Akijitetea hivyo mbele ya mama, tunakuwa tumempiga mara ya pili. Hapo pia simpi mlalamishi tarehe ya kikao mpaka mshtakiwa awe tayari. Mtafiti Heather Strang, aliyefuatilia majaribio ya vikao vya aina hii mjini Canberra, Australia, kuanzia 1995, alikuta kwamba walioketi vikaoni waliombwa radhi mara nyingi zaidi kuliko wale ambao kesi zao zilikwenda kortini, lakini walioahidiwa kikao kisha kikavunjika walibaki na uchungu mwingi. Nami naliona hilo hapa.

Siku ya kikao tulipiga hesabu kwa risiti. Hospitali 3,200. Kioo na fundi 4,500. Siku 6 alizokosa kuuza, kwa faida ya 700 kwa siku, ni 4,200. Jumla shilingi 11,900, mbali na deni la chakula, ambalo kijana alilitoa mfukoni hapo hapo. Ami akasema wafunge kwa elfu saba. Mama akamtazama akasema, "Mzee, mkono uliteguka wangu." Hapo hakuna aliyeongeza neno.

Kilichochukua muda ni radhi. Kijana alitaka kuiomba mle ofisini. Mama alitaka asubuhi, steji ikiwa imejaa. Kijana akasema wenzake watamcheka mwaka mzima, na nilimwamini. Mtu aliyeaibishwa kupita kiasi hutafuta pa kulipizia. Mwishowe wakakubaliana iwe jioni, kibandani, mbele ya mwenyekiti wa steji na wauzaji wawili walioshuhudia ugomvi, na ataje alichofanya: tusi, kusukuma, teke.

Sasa sehemu ambayo wengi huharibu. Kijana alilipa 5,000 siku hiyo, zilizobaki 6,900 akaahidi kwa awamu tatu za 2,300 kwa M-Pesa, kwa nambari ya mama mwenyewe na si ya mwanawe wala ya mzee wa mtaa. Ami akataka mama aondoe kesi kesho yake. Nikakataa. Mlalamishi akiruhusiwa kuondoa malalamishi chini ya kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, mshtakiwa anaachiliwa huru moja kwa moja, na kesi ile hairudi. Akiacha kulipa baada ya hapo, mama atabaki kudai pesa kama mdai mwingine yeyote. Kwa hiyo tulimpelekea hakimu mapatano yaliyoandikwa, tukaomba kesi itajwe baada ya tarehe ya awamu ya mwisho.

Awamu ya pili ilichelewa siku tisa. Pikipiki ilikuwa gereji. Kijana alimwambia mama kabla tarehe haijapita, na mama ndiye aliyeamua kumwongezea muda, nami nikamjulisha kiongozi wa mashtaka. Kesi ilipotajwa, hakimu alimuuliza mama kama amelipwa zote, kama kuna aliyemlazimisha, na kama anajua hataweza kuirudisha. Akajibu yote mwenyewe. Ami safari hii hakuja.