Uvutaji usio wa hiari: moshi wa mzazi kwenye kifua cha mtoto mwenye pumu

"Sista, baba yake huvuta kila siku, lakini mtoto habanwi kila siku. Sasa mnasemaje ni sigara?"

Mama mmoja wa Nyalenda, hapa Kisumu, aliniuliza hivyo saa tisa usiku. Mwanawe wa miaka sita alikuwa amekaa mapajani mwake na barakoa ya nebulaiza usoni. Ilikuwa mara ya tatu kumleta tangu mwaka uanze. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na huwezi kulijibu bila kueleza uvutaji usio wa hiari ni nini.

Ni kuvuta moshi wa sigara ambayo hukuiwasha wewe. Moshi huo hutoka pawili: kinywani mwa mvutaji anapotoa pumzi, na kwenye ncha ya sigara inayofuka yenyewe akiwa ameishika tu mkononi. Huu wa ncha ndio mwingi zaidi, na haukupita kwenye kichungi chochote. Kwa hiyo sigara yenye kichungi haimpi mtoto aliye chumbani nafuu anayodhaniwa kupata.

Pumu nayo ni ugonjwa wa njia za hewa ambazo kuta zake huwa na uvimbe hata siku ambayo mtoto anacheza mpira vizuri. Zikichokozwa, misuli inayozizunguka hukaza, uvimbe huongezeka, na ute mzito huziba nafasi iliyobaki. Ndipo unaposikia kifua kikipiga filimbi. Jambo ambalo wazazi wengi hawajaelezwa ni jinsi ufinyu mdogo unavyoleta shida kubwa: kipenyo cha njia ya hewa kikipungua nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili, bali mara 16. Mtu mzima ana njia pana, kwa hiyo uvimbe kidogo huenda asiuhisi. Mtoto alianza na njia nyembamba, na tena hupumua haraka kuliko mzazi wake, kwa hiyo katika chumba kilekile huvuta moshi mwingi zaidi ukilinganisha na uzito wake.

Sasa nirudi kwa mama yule. Moshi humdhuru mtoto wa pumu kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya papo hapo: sigara inawashwa, mtoto anakohoa, kifua kinabana. Hiyo kila mtu huiona. Ya pili ni ya polepole, na ndiyo iliyokuwa ikimchanganya. Moshi wa kila jioni huzuia uvimbe usishuke. Hulemaza pia vinyweleo vidogo vinavyosukuma ute na vijidudu kutoka mapafuni. Mtoto anaonekana mzima, lakini njia zake hazina tena nafasi ya akiba. Kisha yanakuja mafua, ambayo kwa watoto ndiyo huanzisha sehemu kubwa ya kubanwa kwa pumu. Mafua ambayo mtoto wa jirani anayamaliza kwa kamasi za siku tatu, huyu yanamfikisha hospitalini. Mama anakumbuka mafua, anakumbuka mvua na upepo wa ziwani, na sigara haimjii akilini kwa sababu ilikuwepo pia siku zote ambazo hakuna kilichotokea.

Familia hiyo inaishi chumba kimoja cha mabati, kama futi kumi kwa kumi, pazia likitenganisha kitanda na meza. Baba alikuwa akivuta sigara tatu jioni, akikaa karibu na mlango. Chumba cha namna hiyo hubeba hewa ya mita za ujazo 22 hivi. Sigara moja ikiungua hutoa takriban miligramu 10 za chembechembe laini, zile ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Zikisambaa bila kutoka, kila mita ya ujazo inabeba mikrogramu zaidi ya 400. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe kwa wastani wa saa 24 ni mikrogramu 15. Bila shaka hewa hupenya kwenye nyufa za mabati, kwa hiyo kiasi hicho hakidumu. Lakini hata hewa ya chumba ikibadilika kwa kasi ya mara moja kwa saa, baada ya saa hiyo zaidi ya theluthi ya moshi bado imo ndani, na sigara ya pili imeshawashwa. Saa nne usiku mlango unafungwa, na mtoto analala humo.

Kwamba jambo hili hujaza wodi, ushahidi mzuri tunao kutoka Uskoti. Kule walipiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma yaliyofunikwa mnamo Machi 2006. Kabla ya hapo, watoto waliolazwa kwa pumu walikuwa wakiongezeka kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Baada ya sheria, idadi ikageuka na kushuka kwa takriban asilimia 18 kwa mwaka. Sheria yenyewe haikugusa nyumba za watu. Kwetu Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inazuia uvutaji katika maeneo ya umma, lakini chumba cha familia hubaki mikononi mwa wenyewe.

Je, kuvuta dirishani kunatosha? Hapana. Moshi hufuata upepo, na mara nyingi upepo unaingia ndani. Watafiti wa Uswidi walipima mkojo wa watoto wadogo wakitafuta kotinini, mabaki ya nikotini mwilini. Watoto ambao wazazi wao walivuta nje, mlango ukiwa umefungwa, walikuwa na kiasi cha karibu mara mbili ya watoto wa wazazi wasiovuta. Wale ambao wazazi wao walivuta ndani walikuwa na karibu mara 15. Kwa hiyo kutoka nje na kufunga mlango kunapunguza sana, ila hakumalizi, kwa sababu moshi hurudi na pumzi na shati la mvutaji. Manukato huficha harufu tu, na yenyewe yanaweza kuchokoza pumu.

Mama alitaja pia jiko la makaa, na nikamwambia amesema kweli: moshi wa jiko humdhuru mtoto vilevile, kwa hiyo nalo liwashwe nje hadi makaa yashike vizuri.

Tulimpa baba kazi tatu. Avute nje, mbali na mlango, mlango ukiwa umefungwa. Awe na koti la kuvutia linalobaki nje, anawe mikono na uso kabla ya kumbeba mtoto. Na akitaka kuacha kabisa, apige 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Mama alipewa inhela mbili, ya kuzuia ya kila siku na ya kufungua kifua akibanwa, pamoja na onyo: mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, mbavu zikibonyea ndani, au midomo ikibadilika rangi, asisubiri asubuhi. Tulimwomba pia atie alama kwenye kalenda kila usiku ambao mtoto ameamshwa na kikohozi.

Alirudi kliniki baada ya wiki sita na kalenda imekunjwa kwenye kibeti. Wiki ya kwanza ilikuwa na alama tano. Ya nne, mbili. Wiki ya tano mtoto alipata mafua na alama zikawa nne, lakini inhela ilimtosha palepale nyumbani. Baba alikuwa amefika sigara moja kwa siku, na siku hiyo alikuja pamoja na mama.