Kwa nini jibu la salamu huanza na "wa"

Mwanafunzi mpya katika darasa langu la Kiarabu aliambiwa "Assalamu alaikum", naye akajibu vilevile, "Assalamu alaikum". Alikuwa na nia njema, lakini aliyemsalimu alibaki kimya kidogo, kama anayengoja jibu.

Salamu hii maana yake ni "amani iwe juu yenu". Anayejibu huigeuza: "Wa alaikum salaam", yaani "na juu yenu iwe amani". Kile "wa" ni "na". Kinaonyesha kwamba dua imepokewa na sasa inarudishwa kwa aliyeitoa. Wayahudi nao hufanya hivyohivyo: "Shalom aleikhem" hujibiwa "Aleikhem shalom". Na katika lugha zote mbili husemwa "ninyi" hata kama unamsalimu mtu mmoja, kwa hiyo usihangaike kutafuta umoja wake.

Ugeni zaidi uko kwenye urefu wa jibu. Qurani, sura ya 4 aya ya 86, inaagiza kwamba ukiamkiwa, ujibu kwa maamkio bora zaidi, au angalau urudishe yaleyale. Tuseme umeambiwa "Assalamu alaikum warahmatullahi", yaani amani pamoja na rehema za Mwenyezi Mungu. Ukijibu "Wa alaikum salaam" tu, umerudisha pungufu. Kiwango cha chini hapo ni "Wa alaikum salaam warahmatullahi". Ukitaka kuzidisha, ongeza "wabarakatuh", na baraka zake. Aliyekusalimu akifika mwenyewe kwenye "wabarakatuh", rudisha hiyohiyo yote. Kwa kawaida salamu huishia hapo.

Kuanza salamu ni sunna, lakini kuijibu ni wajibu. Ikisalimiwa jamaa nzima, akiitikia mmoja wao inatosha. Anayeswali hakatishi swala yake ili aitikie kwa maneno.

Makosa ninayoyasikia sana ni mawili. La kwanza ni kuanza kwa "Alaika salaam". Mtu mmoja alimsalimu Mtume hivyo, akakatazwa, akaambiwa hayo ni maamkio ya wafu. La pili ni haraka: mtu anameza "la" na kubaki na "samu alaikum". Kwa Kiarabu "saam" ni kifo! Wapo waliomtamkia Mtume hivyo kwa makusudi, naye akawajibu kwa ufupi tu, "Wa alaikum", na juu yenu pia. Kwa hiyo itamke ile "la" na uivute.

Kuna pia salamu ya kuletewa. Ukiambiwa "fulani anakusalimu", anayestahili jibu hayupo mbele yako, kwa hiyo "alaikum" haitoshi. Kama ni mwanamume, sema "Wa alaihi salaam", na juu yake iwe amani. Kama ni mwanamke, "Wa alaiha salaam". Mtume alipomfikishia Bi Aisha salamu za malaika Jibrili, Bi Aisha alijibu "Wa alaihi salaam warahmatullahi". Ukipenda kumjumuisha na aliyekuletea, sema "Alaika wa alaihi salaam".