Je, wajua "no", "na" na "pelo" za Kireno zimetoka wapi? Ni kesi ya L iliyopotea

"Nimeanza Kireno, nimeambiwa 'em' ni 'katika' na 'o' ni artikli ya kiume, sasa mbona zikikutana inakuwa 'no'? Hiyo N imetokea wapi?"

N ilikuwepo tangu zamani, kilichopotea ni L. Artikli ya Kireno, yani kale kaneno kanakotangulia nomino kama al ya Kiarabu, zamani haikuwa "o" tupu, ilikuwa "lo", na ya kike ilikuwa "la". Neno la "katika" nalo lilikuwa "en". Weka "en" mbele ya "lo", sema haraka haraka kila siku kwa miaka mia kadhaa, N inaimeza L, inabaki "enno", baadae "eno", mwisho ile E ya mbele inadondoka, unabaki na "no". Kike vilevile, "ena" halafu "na".

Sasa jibu ambalo utalikuta kwa watu wengi, hata kwa wanaofundisha, ni kwamba Wareno walikuwa wavivu wa kutamka "em o" wakaamua kufupisha. Linaingia akilini kirahisi lakini lina shida mbili. Ya kwanza, ukifupisha "em o" ya leo hupati "no". M ya mwisho kwenye Kireno haifungi midomo, ni alama tu kwamba irabu inapitia puani, kwa hiyo "em" na "o" zikigongana kwa uvivu ungetegemea kitu kama "emo" au "enho", na N kamili haina pa kutokea. Ya pili ndo kubwa zaidi: huo mseto ni wa zamani kuliko vipande tunavyoambiwa umeundwa navyo. Vitabu vya sarufi vinaandika em + o = no kama hesabu, na kwa mwanafunzi inasaidia kukariri, hilo halina ubaya, ila kihistoria hakuna mtu aliyewahi kujumlisha hivyo. Neno "no" lilizaliwa enzi za "en" na "lo", wazazi wakaja kubadilika sura baadae, mmoja akawa "em" mwingine akawa "o", mtoto akabaki na sura ya zamani. Ndo maana hawafanani.

Ushahidi upo wa kushika mkononi. Kuna wosia wa mfalme Afonso wa Pili wa Ureno wa mwaka 1214, moja ya maandishi ya zamani kabisa ya Kireno yenye tarehe inayojulikana. Zimebaki nakala mbili, moja iko Lisbon kwenye nyaraka za taifa za Torre do Tombo (jina lenyewe lina "do" ndani, mseto mwingine wa aina hii, tutaufikia) na nyingine iko Toledo, Hispania. Wosia unaanza "Eno nome de Deus", yani "kwa jina la Mungu". Hiyo "eno" ndo hatua ya katikati tunayoitafuta, L imeshamezwa ila E ya mbele bado ipo. Wahariri wa siku hizi huwa wanaiandika En'o, ile alama ya juu ni ya kwao. Halafu sentensi inayofuata mfalme anajitambulisha kuwa ni mfalme "pela gracia de Deus", kwa neema ya Mungu, na hapo "pela" iko vilevile kama inavyoandikwa leo. Miaka 800 na ushee haijaguswa.

Tahadhari kidogo hapa: waandishi wa enzi hizo hawakuwa na tahajia moja, kwa hiyo ukikuta "enno" kwenye hati moja na "eno" kwenye nyingine usihesabu kila N mbili kuwa ni sauti ndefu, inaweza kuwa mkono wa karani tu.

Haya, L ilipotea vipi? Hii sehemu msemaji wa Kiswahili anaielewa kirahisi kuliko hata Mreno mwenyewe, maana na sisi ilitupata. Chukua kitenzi zaa. Kwenye kutendwa tunasema zaliwa. L imetoka wapi? Kataa, kataliwa. Chukua, chukuliwa. Hatujaiongeza, ilikuwepo kwenye mzizi, ikadondoka pale ilipobanwa katikati ya irabu mbili, ikabaki pale ilipofuatwa na kile kiambishi. Uliza Mganda, kwake kuzaa ni okuzaala na njaa ni enjala, L yao ipo palepale tulipoipoteza sisi. (Usiende mbali sana na hili, sahau inatoa sahauliwa na neno lenyewe ni la Kiarabu, hapo L imeingia kwa kuigiza wenzake.) Cha kushika ni kwamba sauti inaweza kufa mahali pamoja ndani ya neno ikaendelea kuishi mahali pengine pa neno hilohilo, na ukiona imejitokeza ghafla unadhani ni mgeni kumbe ndo mwenye nyumba.

Kireno kilifanya hivyohivyo, na kwa ukali zaidi. L moja ya Kilatini iliyokaa katikati ya irabu ilifutika karibu kila mahali. Kihispania kinasema salir, kutoka, Kireno ni sair. Maumivu Kihispania ni dolor, Kireno ni dor. Rangi ni color, Kireno ni cor. Sasa fikiria artikli "lo" inavyokaa kwenye maongezi: maneno mengi yanayoitangulia yanaishia na irabu, kwa hiyo L yake muda mwingi ilijikuta imebanwa na irabu pande zote mbili, kama iko katikati ya neno. Ikafutika. "De" ni "ya" au "kutoka", na "de lo" ikawa "deo" halafu "do". "A" ni "kwa" au "kwenda", na "a lo" ikawa "ao". Na kwa vile hali hiyo ndo ilikuwa ya kawaida, "o" tupu ikazoeleka hadi mahali ambapo haikuwa na sababu ya kupoteza L.

Ila pale L ilipotanguliwa na konsonanti haikuwa imebanwa na irabu, kwa hiyo haikufutika, ilipata hatima nyingine. Baada ya N ilimezwa, tumeshaiona. Baada ya R ilishinda yenyewe: "per" ni "kwa" au "kupitia", na "per lo" ikawa "pello", R ikageuka L, na L mbili kwenye Kireno hazifutiki, zinapungua tu kuwa moja. Ndo "pelo" hiyo. Kwa hiyo "do", "no" na "pelo", ambazo ukizitazama unaona kama kila moja ina sheria yake, zote zimetoka kwa "lo" ileile, tofauti ni jirani aliyekaa kushoto.

Tuchukue sentensi moja tuipitishe: "Saí do mercado, passei pela igreja e dormi no barco." Nilitoka sokoni, nikapita kanisani, nikalala kwenye boti. Kwenye "do" L ilikaa kati ya E na O ikafa. Kwenye "pela" ilikutana na R ikaishi, ndo L pekee unayoisikia kwenye hivyo vineno vitatu. Kwenye "no" iliingia tumboni mwa N. Badilisha jinsia ya nomino na unabadilisha irabu ya mwisho tu, "da", "pelo", "na", kazi ya konsonanti ilishamalizika zamani.

Na usidhani hii ni habari ya makaburini. Mfumo wote huo bado unafanya kazi kwenye viwakilishi, kwa sababu "o" ya kumaanisha "hiyo kitu" ni neno lilelile la asili. "Fazer", kufanya, ukiongeza "o" unaandika "fazê-lo", R imeondoka L imerudi. "Fiz", nilifanya, ukiongeza "o" ni "fi-lo". Na "comem", wanakula, ni "comem-no", wanaikula, kwa vile kitenzi kinaishia puani. Mwanafunzi anafundishwa hizi kama sura ya tofauti kabisa, sura ngumu, na Wabrazil kwenye maongezi ya kawaida wanazikwepa, lakini ni "pelo" na "no" zilezile zimevaa kistari.

Kwenye "pelo" kuna kituko ambacho binafsi ndo kinanifurahisha kuliko vyote. Sarufi inasema por + o = pelo, mtu anauliza O imegeukaje E. Haijageuka. Zamani kulikuwa na vihusishi viwili, "per" na "por", vinakaribiana maana, na kila kimoja kilikuwa na mseto wake, "pelo" na "polo". Baadae vikachanganyana na Kireno kikachagua kimoja, ila kilichagua kinyumenyume: neno lililobaki ni "por", mseto uliobaki ni wa "per". Mshindi mmoja kila upande, tena wa familia tofauti. "Per" imebaki kwenye vimisemo kama "de per si", yani kila kimoja peke yake. Kwa majirani wa Galisia, jimbo la Hispania linalopakana na Ureno upande wa kaskazini, ambao lugha yao ilikuwa moja na Kireno enzi za wosia ule, walioshinda ni wa familia moja: "por" na "polo". Pia wao wanaandika "co" na "coa" kwa "pamoja na", ambapo Kireno sanifu kinaacha "com o" na "com a" mbalimbali japo mdomoni mara nyingi zinagusana.

Hapo ndo penye mpaka wa kuangalia ukiandika. Si kila mgusano wa mdomoni unaruhusiwa kwenye karatasi: "para o" watu wanasema "pro" siku nzima, hasa Brazil, lakini kwenye barua rasmi ni "para o". Na kuna mahali sarufi kali inakataza hata "do": "apesar de o rapaz estar doente", ingawa kijana anaumwa, inataka "de o" mbalimbali kwa sababu hiyo "o" ni ya kijana, na kijana ndo mtenda wa "estar", wakati "de" inashika kishazi chote. Wareno wenyewe wakiongea wanasema "do rapaz" bila kufikiri, na wapo wanasarufi wanaoikubali. Kwenye mtihani andika mbalimbali.

Ile "polo" iliyoshindwa nayo haikuondoka kimyakimya. Kwa miaka mingi Ncha ya Kaskazini iliandikwa "Pólo Norte", na alama, na sababu rasmi ya alama hiyo ilikuwa kuitofautisha na "polo", mseto wa "por" na "lo" ambao kwenye Kireno sanifu haukuwa unaandikwa tena. Mkataba wa tahajia wa 1990 ndo uliiondoa, Brazil wakaanza kuutumia mwaka 2009, na maandishi ya mkataba wenyewe yanaitaja "polo" hiyo kwa jina, kuwa ni mseto wa kale na wa watu wa kawaida.