Hatua 14 unashuka vizuri, ya 20 uko mlimani: gredienti disenti inakuwaje?

Kwenye kitengo chetu cha hesabu huwa tunaletewa lalamiko hili mara kwa mara: "programu ilikuwa inashuka fresh kabisa, ghafla namba zikalipuka, labda kompyuta mbovu". Kompyuta haina shida jamani. Hebu tuliangalie kwa funksheni ndogo tu ya kwadratiki, f = ½(x² + 25y²), ambayo chini kabisa ni pale x na y zote zikiwa sifuri.

Gredienti disenti, njia ya kutafuta chini kabisa ya funksheni ambayo mwanahisabati Cauchy aliielezea tangu 1847, inasema angalia mteremko ulipo halafu piga hatua kuelekea chini, na urefu wa hatua tuuite a. Hapa mteremko wa upande wa x ni x na wa upande wa y ni 25y, kwa hiyo kila hatua x inazidishwa na (1 − a) na y inazidishwa na (1 − 25a). Hizo 1 na 25 ndo aigenivalyu za matriksi ya Hesse, yaani zinakwambia bonde limejikunja kiasi gani kila upande. Upande wa y ni korongo lenye kuta kali, upande wa x ni karibu tambarare, na ukigawanya kubwa kwa ndogo unapata kondisheni namba, hapa 25.

Sasa jaribu hii, anza na x = 10, y = 0.001, na a = 0.1:

```python
x, y, a = 10.0, 0.001, 0.1
for k in range(21):
    print(k, 0.5*(x*x + 25*y*y))
    x, y = x - a*x, y - a*25*y
```

Inaanza 50, inashuka, inashuka, hatua ya 14 iko kama 3.7 na wewe ushaenda kunywa chai, ukirudi hatua ya 20 inasoma kama 139! Kilichotokea ni kwamba x ilikuwa inazidishwa na 0.9 kila hatua, safi, ila y ilikuwa inazidishwa na −1.5, inaruka ukuta huu kwenda ule na kila ikiruka inatua mbali zaidi, basi tu ilianza ndogo mno hukuiona. Kushuka mwanzoni siyo ushahidi kwamba hatua yako ni salama, hili watu wengi hawalijui.

Ili y isilipuke lazima a iwe chini ya 2 gawanya kwa aigenivalyu kubwa, yaani 2/25 = 0.08. Ukiweka 0.08 yenyewe y inabaki kurukaruka kulia kushoto milele bila kukua wala kupungua. Na kuna kitu nakipenda hapa, ule mlipuko wenyewe unakupa jibu. Gredienti ikianza kubadilisha alama kila hatua na kukua mara 1.5, basi ukiiita aigenivalyu ya upande huo λ, 1 − 0.1λ = −1.5, hesabu inatoa λ = 25, umeipata aigenivalyu kubwa bila kuitafuta.

Wengine wakiungua wanaweka hatua ndogo sana wakidhani wamemaliza. Ukiweka 0.04, y inafika sifuri kwa hatua moja tu, lakini x inazidishwa na 0.96 na itakuchukua hatua 113 kuipunguza mara 100. Hatua bora kwa pande zote mbili ni 2/(1 + 25), karibu 0.077, hapo upande unaochelewa unazidishwa na 24/26 kila hatua, kwa hiyo hatua 58. Huwezi kupata chini ya hapo ukishikilia a moja isiyobadilika, maana korongo linakukataza kukimbia na tambarare linakutaka ukimbie. Kondisheni namba ikiwa 1,000 badala ya 25, hizo 58 zinakuwa kama 2,300.

Dawa ni kubadilisha vipimo. Weka u = 5y, funksheni inakuwa ½(x² + u²), bakuli la duara, a = 1 inakufikisha chini kwa hatua moja. Ndo maana kwenye data tunasawazisha kolamu kabla ya kuanza, kolamu moja ikiwa ya mita na nyingine ya kilomita unajichimbia korongo mwenyewe.

Ila kusawazisha nako kuna mwisho wake. Kolamu mbili zikiwa zinaenda pamoja, tuseme matriksi ya Hesse ni [[1, 0.98], [0.98, 1]], vipimo tayari viko sawa lakini aigenivalyu ni 1.98 na 0.02, kondisheni namba 99, korongo limelala mshazari na hata ukirefusha au kufupisha kolamu moja moja halitoki, hapo inabidi uzichanganye: jumla iwe kolamu moja, tofauti iwe ya pili, ndo usawazishe.